Barua Pepe Isiyo na Geti

Mimi nilitaka Nasibu aongezewe mshahara kuliko alivyotaka yeye mwenyewe, na sababu zangu hazikuwa za kiungwana. Nilitaka dirisha.

Chumba chetu kiko ghorofa ya nne, Point, mtaa wa karibu na bandari ya Durban, kwenye jengo ambalo wenyewe wamelipaka rangi upande unaotazama barabara tu. Kimegawanywa kwa ubao. Upande wa dirisha wanakaa Nasibu, mkewe Amne na binti yao wa miezi saba. Upande wa mlango nakaa mimi, Atuganile, peke yangu, na hao jirani zangu lazima wapite kwangu kila wakienda chooni. Ubao wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba Nasibu akigeuka kitandani, mimi ndiye ninayerekebisha mto. Kuhusu mtoto sisemi kitu. Mtoto anajisemea mwenyewe.

Januari akaja wakala wa jengo. Akasimama juu ya mkeka wangu na viatu vyake, akasema chumba kilichogawanywa hakiruhusiwi kuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo mwisho wa Machi wawe wamepata pengine. Nasibu akapiga hesabu. Vyumba viwili vya kujitegemea, hata kule Cato Manor, mbali na katikati ya mji, vilikuwa nje ya uwezo wake. Amne hakupiga hesabu yoyote. Alitoa lile begi kubwa la miraba, shangazi kaja, akaliweka karibu na mlango, yaani kwangu, akaanza kupanga nguo za mtoto ndani yake. Alisema watarudi Tanga kwa mama yake, na Nasibu atakuja kuwaona akipata likizo. Alisema kwa upole kabisa. Mwanamke akiwa mpole namna ile, ujue ameshamaliza kufikiri.

Usiku huo Nasibu hakugeuka kitandani hata mara moja. Nilimsikia akiwa macho, na nakiri kwamba kwa muda mfupi nilisahau dirisha.

Sasa, kazi yake. Nasibu anafanya kazi kwenye yadi ya Papa Anatole, Mkongo wa Lubumbashi aliyeingia Durban zamani na sasa ana kitambi na watu wa kumfungulia mlango. Wanauza magari yaliyotumika. Yanashuka bandarini kutoka Japani, hayaruhusiwi kubaki nchini humu, yanapita tu kwenda Zambia na Kongo. Nasibu anashughulikia nyaraka zake, ingawa tangu mwenzake Pascal aondoke, anashughulikia karibu kila kitu isipokuwa kitambi.

Na ili uelewe kilichotokea, lazima nikueleze kuhusu geti. Mteja akija pale yadini hanunui gari kama watu wanavyonunua mkate. Anataja bei ya matusi. Muuzaji anacheka. Mteja anakasirika, anasema kwa jirani kuna gari zuri kuliko hili, anageuka, anatembea kuelekea getini. Anatembea taratibu, maana anasubiri kuitwa. Na muuzaji mzuri hamwiti. Anasubiri mpaka mkono wa mteja uguse chuma cha geti, ndipo anasema, mzee, hebu rudi kidogo. Akimwita mapema, ameuza kwa hasara. Nasibu ni hodari sana wa kusubiri huko, na aliyemfundisha ni Papa Anatole, ambaye kwa miaka zaidi ya ishirini hajawahi kumwita mtu kabla hajafika getini.

Kwa hiyo Nasibu alipoamua kudai mshahara, aliandika barua pepe kama mteja wa gari. Ilibidi iwe barua pepe, maana Papa Anatole hazungumzi mambo ya mishahara kwa mdomo. Ukianza tu anasema écris-moi, niandikie, umtumie na Élisabeth nakala. Élisabeth ndiye mhasibu.

Akaniletea rasimu dukani. Mimi nafanya kazi kwa Honoré, katikati ya mji, kwenye duka la simu. Mbele wanauza makava na chaja, na nyuma, kati ya mashine ya kufotokopi na friji ya soda, ni meza yangu. Naandika barua za watu. Nimeandika za kuomba kazi, za kuacha kazi, na za kuomba tena ile iliyoachwa wiki moja kabla. Rasimu ya Nasibu ilikuwa ya Kiingereza, lakini nakutolea hapa kwa Kiswahili ili tuone haya pamoja:

“Mpendwa Papa Anatole, natumaini wewe, mama na watoto hamjambo na Mungu anawapigania. Nimekufanyia kazi kama punda. Hakuna anayeniona. Mtoto wangu analala kwenye chumba cha ubao. Nataka randi elfu ishirini na tano kwa mwezi. Usiponijibu kufikia Ijumaa saa kumi jioni, nitaondoka na kwenda kwa jirani yako, ambaye ananitaka, na wateja wote wa Lubumbashi nitaondoka nao. Wako mtiifu, Nasibu.”

Niliisoma mara mbili, ya pili kwa starehe. Nikamuuliza analipwa ngapi sasa. Akasema elfu kumi na moja na nusu. Nikamuuliza hiyo ishirini na tano ameitoa wapi. Akasema ameanzia juu ili washushe. Nikamuuliza jirani huyo anayemtaka ni nani. Akatazama friji ya soda.

“Hakuna jirani,” nikasema.

“Yupo jirani. Ila hatujaongea.”

Honoré alikuwa ameshasogea. Hakuna karatasi inayosomwa dukani kwake bila yeye kuinamia bega la mtu. Aliipenda rasimu ile sana, na lawama yake ilikuwa moja tu, kwamba Ijumaa ni mbali.

“Weka Mercredi, ma sœur,” akaniambia, yaani Jumatano. “Patron bila ultimatum hasikiaka. Mi niliachaka kazi tano na ultimatum.”

“Na hizo tano, ulipowatishia walikujibu nini?”

“Walisema merci, asante.”

Ndiyo maana ana duka la simu. Lakini Honoré ana bahati yake: karatasi zake za ukimbizi zinamruhusu kufanya kazi kwa mtu yeyote atakayempokea, kwa hiyo anaweza kutishia kuondoka asubuhi na mchana akawa ameajiriwa pengine. Viza ya Nasibu imeandikwa jina la kampuni ya Papa Anatole. Akitoka pale, viza haitoki naye. Lazima mwajiri mwingine akubali kuanza safari ile ndefu ya maombi upya, na huku anasubiri haruhusiwi kufanya kazi. Papa Anatole analijua hilo vizuri, maana ni yeye aliyesaini zile fomu.

Nikamwambia Nasibu waziwazi. Umemwandikia mtu ambaye kazi yake ni kutazama watu wakienda getini. Umemwambia unakwenda getini. Na yeye anajua geti limefungwa kwa nje. Zaidi ya hayo umemwandikia kwa mkono wako kwamba utaondoka na wateja wake, na hilo akilipeleka kwa mwanasheria utakuja kuniomba barua ya aina nyingine.

Alikasirika. Akasema mimi nataka aombe kama ombaomba. Nikasema sitaki aombe, nataka athibitishe. Akasema hayo ni maneno ya watu wa ofisini. Nikasema basi aipeleke kama ilivyo, mimi nitakuja kumsindikiza Amne kituoni na lile begi nitalibeba mwenyewe. Hapo aliikunja rasimu yake, na mimi nikaona aibu, lakini sikuyarudisha maneno.

Tukaanza upya. Nikamwambia kwanza anionyeshe anafanya nini pale. Akasema kila mtu anajua. Nikasema kila mtu si ushahidi. Na hapo ndipo tulipokwama, maana ushahidi wa Nasibu wote ulikuwa kwenye simu yake, kwa sauti. Watu wa Lubumbashi hawaandiki. Kila kitu wanakisema kwenye ujumbe wa sauti, na Nasibu anawajibu hivyo hivyo, mara nyingi jioni akiwa nyumbani. Kampuni haikuwa na hata karatasi moja inayoonyesha kwamba mtu anayeitwa Nasibu amewahi kumsaidia mtu anayeitwa fulani.

Kwa hiyo nilisikiliza. Nilisikiliza kwa siku kadhaa, jioni, nimekaa juu ya shangazi kaja kwa kukosa kiti. Mteja wa Lubumbashi anaanza kwa salamu. Anauliza afya, anauliza mke, anauliza mtoto, anasimulia mvua, anasimulia kifo cha shemeji, na karibu na mwisho, kama jambo dogo lililomtoka kwa bahati mbaya, anasema gari limekwama mpakani. Halafu anasikika Nasibu akijibu kwa utulivu, kaa hapo, usimpe mtu yeyote kitu, karatasi fulani iko kwenye bahasha ya kijani, mpe yule wa dirisha la pili. Halafu mteja tena, saa chache baadaye, amepita, anashukuru, anauliza tena mtoto. Nyuma ya sauti ya Nasibu kulikuwa na kelele za nyumbani, lakini nilikuwa nimezizoea, sikuzitilia maanani.

Nilianza kumheshimu Nasibu, jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu anayekoroma vile.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya kuchambua. Nilimwambia alete barua yake ya ajira, tuone alipewa kazi gani na sasa anafanya zipi. Nilimwambia atafute matangazo ya kazi za namna yake humu Durban, tujue wengine wanalipwa ngapi. Aliwaomba ruhusa wateja watatu tutumie sauti zao, wakakubali wote, mmoja kwa ujumbe wa dakika sita. Tulipofika kwenye orodha ya wateja waliorudi kununua tena kwa sababu yake, alimweka mtu mmoja wa Kolwezi aliyenunua magari mengi. Nikamuuliza maswali mawili, ikaonekana yule alikuwa wa Pascal. Nikamfuta. Nasibu akalalamika kwamba ndiye mkubwa kuliko wote. Nikasema ndiyo maana Papa Anatole atamtafuta wa kwanza.

Ugomvi mkubwa haukuwa na Nasibu. Ulikuwa na Amne. Alisoma rasimu mpya akiwa amembeba mtoto, akafika mwisho, akarudi juu.

“Dada, mwanangu yuko wapi humu?”

Nikamweleza kwamba hayumo. Kwamba Papa Anatole halipi mshahara kwa kuwa mtu ana mtoto, analipa kwa kuwa ana kazi, na ukishamwambia shida zako atakupa pole badala ya pesa. Pole ni rahisi. Amne alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema mtoto ndiye sababu ya yote haya, na barua isiyomtaja mtoto ni barua ya uongo. Nilisema tu kwamba si uongo, ni kunyamaza, na yeye akasema ndiyo, naona mnavyojua kunyamaza, akaingia upande wao. Ukuta wa ubao hauna mlango wa kubamiza, lakini alijitahidi.

Barua iliyokwenda ilikuwa hii:

“Papa Anatole, naomba mshahara wangu upitiwe upya kabla bajeti ya Machi haijafungwa.

“Barua yangu ya ajira inataja kazi moja, nyaraka za magari bandarini. Tangu Pascal aondoke mwezi wa sita, nafanya pia kazi zake mbili: kufuatilia wateja wa Lubumbashi na kuwaongoza madereva hadi mpakani Kasumbalesa. Mshahara wangu haujabadilika tangu nilipoajiriwa.

“Kabla sijaanza kuandaa nyaraka wakati meli ikiwa bado njiani, tulikuwa tukilipa faini za kuhifadhi magari bandarini karibu kila mwezi. Mwaka jana tulilipa mara mbili. Ankara ziko kwa Élisabeth. Wateja tisa niliowahudumia mimi wamerudi kununua tena. Majina yao nimeyaambatanisha, pamoja na ujumbe wa sauti wa watatu kati yao, kwa ruhusa yao.

“Matangazo matatu ya kazi kama hii Durban, ambayo pia nimeyaambatanisha, yanalipa kati ya randi elfu kumi na nne na elfu kumi na saba. Naomba elfu kumi na tano, kuanzia tarehe mosi Machi. Naomba pia nusu saa ya kulizungumza, siku itakayokufaa kabla ya mwisho wa mwezi. Napenda kazi hii na ningependa kuendelea nayo. Nasibu.”

Honoré aliisoma, akaweka uso wa msibani.

“Haiko hata na menace moja kidogo?”

“Hakuna kitisho hata kimoja.”

“Huyu mutu atalalaka vizuri sana leo,” akasema, akamaanisha Papa Anatole.

Tukaituma Jumatatu. Jumanne kimya. Jumatano kimya. Alhamisi Nasibu alikuwa ameshaandika barua ya pili kichwani mwake, na ilikuwa na Ijumaa ndani yake. Nilimnyang'anya simu, nikamwambia aende akafanye kazi yake vizuri kama jana. Alisema eish, dada Atu, wewe ni mgumu. Wiki iliyofuata Papa Anatole akapita mezani kwake, akasema ameiona, waonane kesho saa nne, na barua yote ichapishwe, maana yeye hasomi mambo marefu kwenye simu. Mtu anataka barua pepe halafu anataka karatasi. Printa ya yadi haikuwa na wino tangu Krismasi, kwa hiyo nikachapisha dukani na kupanda taxi kuwapelekea. Honoré alinipa ruhusa bila kuombwa, kwa sharti nirudi na habari.

Nilimsalimu Papa Anatole, nikakabidhi karatasi, na hakuna aliyeniambia niondoke. Nikakaa kwa Élisabeth, mwanamke mwembamba mwenye miwani na asiyependa maswali. Kati ya ofisi yake na ya Papa Anatole kuna ukuta wa ubao, na mlango wake ulikuwa wazi. Nilijisikia nyumbani.

Papa Anatole alisoma taratibu. Akamwita Élisabeth alete ankara za bandari, akazipekua, akakuta mbili. Akamwambia Nasibu aweke zile sauti, akazisikiliza zote hadi mwisho, majibu ya Nasibu yakiwemo. Kisha akaendesha kidole kwenye orodha ya majina.

“Na ule wa Kolwezi? Hukumuweka?”

“Yule alikuwa wa Pascal, Papa.”

Nilimwona Élisabeth akiinua macho kutoka kwenye kompyuta yake kwa mara ya kwanza.

Papa Anatole akasema mwaka ni mbaya, meli zimepanda bei, anaweza kutoa twelve five, yaani elfu kumi na mbili na nusu. Nasibu akasema anashukuru, lakini kwa kazi tatu zilizo kwenye karatasi, kiasi hicho hakifiki hata tangazo la chini kabisa. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile anayoitumia kwa madereva waliokwama.

“Na kama mi nasema non?” Papa Anatole akauliza. “Utaenda wapi?”

Hapo ndipo nilipoogopa. Geti lilikuwa limefunguliwa mbele yake makusudi. Kama angesema kwa jirani, ningeanza kutafuta nauli ya kwenda kumsindikiza Amne.

“Siendi popote, Papa,” Nasibu akasema. “Nitarudi mezani, kuna gari mbili ziko mpakani Chirundu. Nitakuomba tu uniambie ni kipi humu si kweli, na tutakaa tena lini.”

Nikasikia kiti kikisukumwa. Papa Anatole alisimama, akachukua funguo zake, akasema basi, bei yangu ni hiyo, akatoka. Alipita mbele yetu, akashuka ngazi mbili za mlangoni, akaanza kutembea katikati ya magari kuelekea getini.

Élisabeth akanong'ona, “Mungu wangu, anatembea.”

Alikuwa anatembea kweli. Taratibu. Alisimama kwenye Hilux moja, akagusa tairi kwa kiatu, akaendelea. Mzee mzima alikuwa anafanya mwendo wa mteja kwenye yadi yake mwenyewe, na alitarajia kuitwa. Nasibu akaja akasimama dirishani karibu nami. Nilimtazama mdomo. Ulifunguka. Kumbuka kwamba huyu ni mtu ambaye kila siku ya kazi anaona mgongo ukienda na kusema, mzee, hebu rudi kidogo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, na nyuma yake ilikuwa thirteen, nina hakika, labda hata thirteen kasoro. Nami nilimfikiria Amne, na begi, na nikataka sana kumziba mdomo kwa mkono wangu.

Akaufunga. Akageuka, akarudi mezani kwake, humo humo kwa Élisabeth, akachukua simu, akaanza kumwambia dereva wa Chirundu habari za bahasha ya kijani.

Papa Anatole alifika getini. Mkono wake ukagusa chuma. Na mlinzi, kijana wa Kizulu mwenye adabu zake, alipoona bosi ameshika geti alifanya alichoajiriwa kufanya. Akalifungua lote, akapiga saluti, akasema sharp, boss. Papa Anatole akajikuta nje barabarani kwa miguu, gari lake liko ndani, na mlinzi anamsubiri aende. Akatazama kulia. Akatazama kushoto, kwenye robot, zile taa za barabarani, kama mtu anayesubiri taxi. Alisimama pale muda ambao Élisabeth aliutumia kusali, au kucheka, kwa miwani ile huwezi kujua.

Kisha akarudi. Alirudi haraka kuliko alivyokwenda. Akasimama mlangoni akihema kidogo, akamtazama Nasibu, ambaye alikuwa bado anaongea na dereva.

“Kumbe hii kitu inaumaka,” akasema.

Nasibu akamaliza na dereva kwanza. Papa Anatole akasubiri. Kisha akasema fourteen kuanzia Machi, na fifteen mwezi wa tisa kama faini za bandari hazitarudi. Nasibu akasema mwezi wa saba, maana miezi minne inatosha kuona. Papa Anatole akafungua mdomo, akatazama geti, akaufunga. Akamwambia Élisabeth aandike mwezi wa saba.

Nilikuwa nimeshachukua mkoba wangu niliposikia anamuuliza Nasibu jambo jingine.

“Na mutoto? Alishaanza kulala?”

Nasibu akaniangalia mimi. Nami nikamwangalia yeye. Hakuna aliyemtaja mtoto. Nilihakikisha mwenyewe, mstari kwa mstari, nikagombana na mama yake.

“Papa amejuaje habari za mtoto?”

“Lubumbashi nzima inamujua,” akasema. “Iko analia mu kila voice. Wateja wananiulizaka, ile bébé ya Nasibu iko muzuri? Hata leo, mu zile tatu zako, analia mu zote.” Kisha akanigeukia mimi, taratibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. “Na ule mwanamuke mwenye analalamikaka nyuma, eti mumunyamazishe, eti kesho anaenda kazi. Hii sauti naijuaka sasa.”

Élisabeth aliinama kwenye kompyuta. Mimi nilisema nimechelewa dukani, na kwa kweli nilikuwa nimechelewa.

Jioni nilimwandikisha Nasibu barua fupi ya mwisho, ya kushukuru na kurudia walichokubaliana, kiasi na miezi, ili kiwe kimeandikwa na pande zote mbili. Papa Anatole akajibu neno moja, d'accord, yaani sawa. Amne aliisoma juu ya bega la mumewe. Hakuuliza kiasi. Aliuliza kama mtoto alitajwa, na Nasibu badala ya kumjibu akamwekea ule ujumbe wa kwanza wa sauti. Tukamsikia akieleza karatasi za mpakani, na nyuma yake binti yao akiita dunia nzima, na nyuma ya binti yao mimi. Amne akasikiliza hadi mwisho. Akaiweka tena. Kisha akaja upande wangu, akapiga magoti mbele ya shangazi kaja, akaanza kutoa nguo za mtoto, moja moja, na kunirushia mimi nizikunje.

Walihamia Cato Manor wiki ya mwisho ya Machi. Dirisha sasa ni langu, nalo linatazama ukuta wa jengo la jirani, upande ambao haukupakwa rangi. Nimelilipia kwa kelele nyingi, kwa hiyo nalitazama. Juzi Nasibu amenitumia ujumbe wa sauti kuniuliza jinsi ya kuandika barua kwa wakala wa nyumba mpya kuhusu bomba. Nimemsikiliza hadi mwisho. Mtoto analia vilevile, na hakuna mtu nyuma anayemwambia anyamaze.